Kumwomba mnunuzi mpya wa nje malipo ya awali: yanayoaminiwa na ukweli wake

Mwenye duka la vyombo vya nyumbani Hamburg ameona picha za vikapu vya milulu vya Iringa. Kaagiza sampuli mbili, kazilipia, kazipenda. Sasa anataka vikapu 600 vya saizi moja, vyenye vishikio vya ngozi na lebo ya duka lake. Bei mmekubaliana dola 9 kwa kimoja, mzigo akabidhiwe wakala wake wa usafirishaji Dar es Salaam, jumla dola 5,400. Hamjawahi kuonana. Hapo ndipo wauzaji wengi wanapoanza kusitasita, na mara nyingi kinachowasitisha ni mambo wanayoyaamini yasiyo kweli. Nitautumia mfano huu mpaka mwisho. Hesabu zake ni za kubuni, ila mpangilio wake ndio ule ule ambao muuzaji mdogo hukutana nao.

“Ukimdai mzungu hela kabla ya mzigo, unamfukuza.”

Mtu anayeagiza bidhaa kutoka nje kwa ajili ya duka amezoea kuombwa malipo ya awali. Viwanda vingi vya China humwomba asilimia 30 anapoagiza na asilimia 70 kabla mzigo haujaondoka, na huwa hashangai. Kinachomshtua ni namna anavyoombwa: ujumbe wa WhatsApp wenye mistari miwili, namba ya akaunti yenye jina la mtu binafsi, na maneno “tuma nusu tuanze”. Hebu jiweke kwenye kiti chake. Yeye naye hakujui, na amesikia habari za watu waliotuma pesa wakaambulia patupu.

Kwa hiyo akaunti iwe ya kampuni au ya kikundi, na jina lake lifanane neno kwa neno na lile lililo kwenye profoma, yaani ankara ya pendekezo utakayomtumia, na kwenye cheti cha usajili. Mwambatanishie nakala ya cheti hicho na ya TIN kabla hajaziomba. Na usimwombe asilimia 100. Mnunuzi mpya anayekubali kulipa yote mapema kwa mzigo ambao haujatengenezwa ni nadra, na akikubali haraka mno, mchunguze yeye.

“Sababu haina haja ya maelezo: ni utaratibu wetu.”

Jibu hili ndilo linaloua maagizo mengi. “Utaratibu wetu” halimwambii mnunuzi pesa yake inakwenda wapi, wala kwa nini iwe asilimia 40 na si 20. Kiwango cha malipo ya awali hakichotwi hewani, kinatoka kwenye hesabu ya fedha utakazozitoa kabla kikapu cha kwanza hakijakamilika.

Tupige hesabu. Milulu na rangi, dola 480. Vishikio vya ngozi, dola moja kwa kila kikapu, 600. Lebo, 120. Hizo ni 1,200, na zote hulipwa taslimu mwanzoni, kwa kuwa fundi wa ngozi hakopeshi na mchapaji wa lebo naye vilevile. Ujira wa wasukaji ni dola 4 kwa kikapu, jumla 2,400, na nusu yake hutolewa kazi inapoanza. Mama anayeacha shamba kwa wiki kadhaa ili asuke hawezi kusubiri mpaka mzigo uondoke. Jumla ya fedha za kuanzia ni dola 2,400, yaani kama asilimia 44 ya agizo.

Omba asilimia 40, dola 2,160. Hizo 240 zilizopungua utatia wewe, na umwambie hivyo. Mnunuzi akiona nawe umeweka chako, mazungumzo hubadilika.

Kuna sababu ya pili ambayo wengi huisahau ingawa ina nguvu kuliko ya kwanza: mzigo huu una lebo yake. Akighairi, vikapu vya kawaida vingeuzwa kwa mtu mwingine, lakini vyenye jina la duka la Hamburg vitamngoja nani? Bidhaa ya kawaida ambayo tayari iko stoo haina hoja hii, na kwa mzigo wa namna hiyo asilimia 20 inaweza kutosha.

Ujumbe wenyewe usiwe mrefu. Kwa maana yake uwe hivi:

*“Agizo lako linatengenezwa kwa vipimo na lebo yako, kwa hiyo hatuwezi kuliuza kwingine. Malipo ya awali ya dola 2,160 yatanunua milulu, ngozi na lebo, na kulipa sehemu ya kwanza ya ujira wa wasukaji. Dola 240 zinazobaki za gharama za kuanzia tunaziweka sisi. Kazi ikifika nusu tutakutumia picha na video za vikapu. Salio utalipa baada ya kuona mzigo umefungwa, kabla hatujamkabidhi wakala wako. Profoma imeambatanishwa.”*

Hakuna “samahani sana kwa usumbufu” hapo, wala hakuna maelezo ya ugumu wa maisha. Mnunuzi hataki kuonea mtu huruma, anataka kuelewa.

“Profoma ni ankara kama ankara nyingine.”

Profoma ni pendekezo la bei na masharti lililoandikwa kwa sura ya ankara. Haithibitishi kwamba mauzo yamefanyika na haiingii kwenye vitabu kama mauzo. Mzigo ukiondoka utatoa ankara halisi ya biashara, ndiyo itakayotumika forodhani. Lakini usiidharau: mnunuzi akiisaini na kulipa kwa masharti yake, ndiyo itakayoonyesha mlikubaliana nini. Tena benki yake inaweza kuidai kabla ya kutuma pesa.

Kichwa chake kisomeke `PROFORMA INVOICE`, chini yake namba, tarehe, na mwisho wa uhalali wake, tuseme siku 14. Bila ukomo huo, mtu anaweza kukurudia baada ya miezi 6 akidai bei ile ile wakati milulu imeshapanda. Fuatisha majina na anwani za pande zote mbili, maelezo kamili ya bidhaa, idadi, bei ya kimoja, jumla, sarafu, na nchi bidhaa ilikotengenezwa. Weka namba ya ushuru pia: vikapu vya mimea isiyo mianzi wala henzirani huingia `4602.19`, na mnunuzi anaihitaji ili ajue ushuru wa kwao. Masharti ya kukabidhi yataje mahali na toleo la kanuni za kimataifa za biashara: `FCA Dar es Salaam, Incoterms 2020`, yaani unamkabidhi wakala wake mzigo Dar es Salaam.

Sehemu ya malipo ndiyo inayoharibiwa zaidi. Kuandika “40% advansi” peke yake hakutoshi. Andika kiasi kwa dola, andika kinalipwa lini, na uandike kwamba muda wa kazi, tuseme wiki 8, unaanza kuhesabiwa siku pesa itakapoingia kwenye akaunti. Muuzaji asiyeandika sentensi hiyo hujikuta anadaiwa mzigo kwa tarehe ya profoma, wakati pesa ilichelewa wiki tatu.

Na gharama za benki? Pesa ikipita benki za kati, kila moja inaweza kukata chake njiani. Kwenye fomu ya kutuma kuna chaguo la `OUR`, mtumaji anabeba gharama zote, na `SHA`, mnagawana. Lisiposemwa, usishangae 2,160 ikifika imepungua makumi ya dola.

“Ameshanitumia risiti ya benki, tuanze.”

Karatasi aliyotuma, hata ikiwa na maneno ya kibenki ya uhamisho wa pesa, `SWIFT` na `MT103`, ni picha tu. Inaweza kuwa ya kweli na pesa iko njiani, na inaweza kuwa imetengenezwa kwenye kompyuta. Kazi inaanza benki yako ikikuthibitishia kwamba fedha zimeingia na unaweza kuzitumia. Piga simu benki mwenyewe, kwa namba unayoijua, si ile iliyoandikwa kwenye risiti aliyokutumia.

Hundi kutoka nje ni hatari zaidi. Benki inaweza kukuonyesha pesa kwenye akaunti, kisha hundi ikarudishwa wiki kadhaa baadaye na fedha zikaondolewa. Utapeli uliozoeleka unapita hapo hapo: “mnunuzi” analipa 4,000 badala ya 2,160, anasema amekosea, anaomba umrudishie tofauti au umlipe “wakala wake wa usafirishaji”. Ukishatuma, hundi inagoma. Pesa iliyozidi isirudishwe mpaka benki iseme malipo ya kwanza hayawezi kutenguliwa, na irudi kule kule ilikotoka, si kwa mtu wa tatu.

Upande wa pili nao una wezi. Mtu akiingia kwenye barua pepe yako, anaweza kumwandikia mnunuzi kwa jina lako: “akaunti yetu imebadilika”. Weka mstari kwenye profoma kwamba akaunti haibadilishwi kwa barua pepe, na kwamba kabla ya kulipa apige simu kuthibitisha.

“Salio litakuja tu, hati za mzigo ninazo mimi.”

Hii ni kweli nusu. Hati halisi ya shehena ya meli, ikiandikwa kwa namna ya kuhamishika, humpa aliyeishika nguvu juu ya mzigo, na muuzaji anaweza kuizuia mpaka alipwe. Hati ya shehena ya ndege haina nguvu hiyo. Mzigo ukifika, anayetajwa kuwa mpokeaji anaweza kuuchukua bila karatasi yoyote kutoka kwako. Hata melini, wakala akiwa ni wa mnunuzi, usitegemee hati atakazozitoa yeye. Ndiyo maana kwenye mfano wetu dola 3,240 zilizobaki zinalipwa maboksi yakiwa bado stoo kwako.

Wapo wanaosema afadhali barua ya mkopo ya benki, ile LC, ambamo benki ya mnunuzi inaahidi kukulipa ukiwasilisha hati za mzigo. Kwa kontena kadhaa za kahawa, sawa. Kwa dola 5,400, gharama na usumbufu wake vitakula faida.

“Advansi ikilipwa hairudi.”

Inategemea mlichoandika, na msipoandika kitu mtagombana. Eleza mambo mawili kwenye profoma. Kwanza, mnunuzi akighairi kabla malighafi haijanunuliwa, anarudishiwa pesa ukitoa gharama za benki. Akighairi baadaye, unakata ulichokwisha kutumia, kwa risiti, na kinachobaki kinarudi. Pili, wewe ukishindwa kukabidhi mzigo ndani ya muda wa nyongeza mliokubaliana, tuseme wiki 3, anarudishiwa yote. Sharti hili la pili huwaogopesha wauzaji, na wengine huniambia ni kujitia kitanzi. Lakini kama huna uhakika wa wasukaji wako kwa wiki 11, tatizo liko kwenye ukubwa wa agizo. Mwombe mnunuzi aanze na vikapu 200, malipo ya awali ya dola 720, na uandike profoma upya.