Je, Kutolewa Maji ya Kifuani Huharakisha Kifo?

"Mgonjwa wa saratani akitolewa maji ya kifua hufa upesi. Tukubali atolewe?"

Kubalini atolewe; kinachomdhoofisha ni saratani, si sindano, na inasikitisha mtu kunyimwa nafuu kwa hofu hiyo. Maji hayo hujaa kati ya tando mbili zinazolizunguka pafu, na aliyeshindwa kulala chali huweza kupumua vizuri siku ileile yakitolewa polepole, kwa kawaida yasizidi lita 1.5 kwa mara moja, na kusitishwa akibanwa kifua. Mara nyingi maji hurudi; hapo, eksirei ikionyesha pafu limetanuka, unga wa talki huingizwa kupitia mrija ili tando zishikamane, ingawa homa na maumivu ya muda hutokea. Pafu lisipotanuka talki haitashika, na huachwa mrija wa kutolea maji nyumbani.