Jamani, "discuss about" haikutoka kwenye Kiswahili

Wiki iliyopita nilikuwa na darasa la watu wa manunuzi na uhasibu hapa Dar, jioni baada ya kazi, tukafika kwenye kosa la "discuss about", maana Kiingereza sahihi ni "discuss" tu bila "about". Dada mmoja akanyoosha mkono, akasema, "Mwalimu, hapo tusijilaumu, ni Kiswahili chetu kinatuponza, tunatafsiri." Darasa zima likatingisha vichwa kukubali. Hiyo kauli naisikia karibu kila ofisi ninayoenda kufundisha kuandika imeili na imenichosha kwelikweli, kwanza si kweli, pili mtu akishaiamini anaanza kutibu ugonjwa ambao hana.

Hebu tukiangalie hicho Kiswahili chenyewe. Unasema "tumejadili bajeti", unasema "bosi alisisitiza usafi", unasema "naomba risiti". Kitenzi, halafu kitu chenyewe, katikati hakuna kihusishi, yaani kineno kama "kuhusu" au "about". Sasa ungekuwa kweli unatafsiri neno kwa neno ungepata "we discussed the budget", "the boss emphasised cleanliness", "I request a receipt", na zote tatu ni Kiingereza safi. Yaani Kiswahili kingekuokoa! Wapo wanaosema "kujadili kuhusu", ndiyo, nawasikia kwenye redio, lakini "kujadili bajeti" ndiyo kauli ya kawaida na hakuna anayeishangaa. Halafu kuna Wanaijeria na Wahindi na watu wa Singapuri, nao wanaandika "discuss about" vilevile, na hao Kiswahili hawajawahi kukisikia nyumbani kwao.

Kosa limezaliwa ndani ya Kiingereza chenyewe. Kuna "talk about", "speak about", "think about", na "discuss" maana yake iko jirani na hao, kwa hiyo masikio yako yanaipa "about" kama wenzake. Lakini kisababishi kikubwa zaidi ni nomino. Nomino "discussion" inataka kihusishi, "a discussion about the budget". Nomino "emphasis" inataka "on". Nomino "request" inataka "for". Sisi ofisini tunakutana na hizi nomino kila siku kwenye ajenda na kwenye fomu, basi tukihamia kwenye kitenzi tunabeba na kihusishi cha nomino. Ndiyo unapata "discuss about", "emphasise on", "request for". Ukishaona hivyo huhitaji tena kukariri orodha ndefu ya makosa, unajiuliza tu, hapa nimeandika nomino au kitenzi?

Na hapa ndipo ninapobishana na wanafunzi wangu hadi sauti inakauka: kanuni mnayo tayari. Yule yule anayeandika "we discussed about the budget" akianza imeili anaandika "As discussed", sijawahi kuona "As discussed about". Kwenye muhtasari wa kikao anaandika "matters discussed" bila wasiwasi. Kwa hiyo ukiwa na shaka igeuze sentensi iwe ya kutendwa. "The budget was discussed", imekaa, inaisha hapo, basi kitenzi hakitaki kihusishi. Jaribu na "apply for": "the leave was applied for", ile "for" imegoma kuondoka, ukiitoa maana inaharibika, kwa hiyo hiyo ni ya lazima. Ndiyo maana nasema msifute kila kihusishi mnachokiona, "apply for", "comment on" na "refer to" zinabaki na vihusishi vyake hata zikiwa vitenzi.

Dada yule nilimwomba anisomee imeili aliyotuma siku ile. Iliandikwa: "We met to discuss about fuel costs. The manager emphasised on saving. I request for your figures by Friday. Kindly reply back." Tukaipitia. Ya kwanza, "fuel costs were discussed", imekaa, toa "about". Ya pili, "saving was emphasised", toa "on", au kama anaipenda sana hiyo "on" basi aandike nomino, "put emphasis on saving", ni sawa kabisa. Ya tatu hapo mimi nilimshauri aachane na "request" moja kwa moja, aandike "Please send your figures by Friday". Ni fupi, haina adabu mbaya, na haina mahali pa kuteleza. Huu ni ushauri wangu wa siku zote, na najua mabosi wengine wanapenda maneno marefu, lakini imeili inayoomba takwimu kazi yake ni kuleta takwimu.

Ya nne ndiyo ina mambo. Watu wanasema "back" inaonyesha kwamba jibu linarudi kwangu. Jibu haliwezi kwenda kwingine, "reply" peke yake tayari ni kurudisha. "Write back" na "call back" ziko sawa kwa sababu mtu anaweza kukuandikia au kukupigia yeye ndiye akianza, hapo "back" inafanya kazi. Kwenye "reply" haina kazi. Sasa tatizo, dada akaifuta "back" akaandika "Kindly reply me". Hapo ndipo Kiswahili kinaingia kweli! Sisi tunasema "nijibu", ile -ni- tunaibandika ndani ya kitenzi, hatuoni pa kuweka "to". Ndivyo inavyotokea "reply me" na "explain me", kutoka "nijibu" na "nieleze". Kwa hiyo kama unataka kukilaumu Kiswahili kilaumu hapa, ambapo kihusishi kinakosekana, usikilaumu pale kilipozidi. "Reply to me", "explain to me", au "Please reply" tu, inatosha.

Dhana nyingine potofu nazipitia haraka. Kwamba "discuss about" ni ya heshima zaidi, hapana, heshima iko kwenye "please" na "could you", "about" haiongezi heshima yoyote. Kwamba kompyuta haikuchora mstari mwekundu basi iko sawa, hapana tena, mstari mwekundu unaangalia tahajia, na "discuss" imeandikwa sawa na "about" imeandikwa sawa, ukaguzi wa sarufi ni kitu kingine.

Na ile ya mwisho inaniuma kwa sababu inawapata waliojitahidi, wanaoamini kwamba kihusishi baada ya kitenzi siku zote ni kosa. Kijana mmoja baada ya darasa alirudi kazini akapitia rasimu ya mkataba, akakuta "the parties enter into this agreement", akaifuta "into". Mwanasheria wao akairudisha, na alikuwa na haki, kwa sababu kuingia chumbani ni "enter the room" lakini kuingia mkataba ni "enter into an agreement". "Attend" nayo ni hivyo hivyo: kikao una "attend" bila kihusishi, "I attended the meeting", ila mteja aliyesimama dirishani una "attend to" yeye. Ukiandika "I attended the customer" hujamhudumia bado.