Namba za marisau: kwa kware, kwa bata na kwa bata bukini

Je, namba 8, namba 4 na herufi BB zilizoandikwa kwenye katriji za marisau zina maana gani, na kwa nini inayofaa kwa kware haifai kwa bata wala bata bukini?

Namba hueleza kipenyo cha chembe moja ya marisau, lakini huhesabiwa kinyume: kadiri namba inavyopanda, ndivyo chembe inavyopungua ukubwa. Katika mfumo wa Marekani, ambao ndio utakaofuatwa hapa, toa namba hiyo katika 17, nawe utapata kipenyo kwa sehemu za mia za inchi. Namba 8 huacha 9, yaani inchi 0.09, sawa na milimita 2.3, namba 4 huacha 13, yaani inchi 0.13, sawa na milimita 3.3. Baada ya namba 1 hesabu huhamia kwenye herufi, na chembe huendelea kukua kupitia B, BB na BBB hadi T, ambayo ina inchi 0.20. Hesabu hii haifai kwa katriji za Kiingereza, kwa sababu Waingereza wana namba zao: namba 6 yao ina milimita 2.6 wakati ya Kimarekani ina 2.8, na BB yao ni ndogo waziwazi kuliko BB ya Marekani. Kwa hiyo anayenunua katriji zilizotoka nchi mbalimbali hana budi kusoma milimita zilizochapwa kwenye boksi na kuiacha namba.

Mzigo wa marisau ndani ya katriji hupimwa kwa wakia, na wakia moja ni gramu 28 na ushei. Wakia moja ya risasi, madini yale mazito, hutoa chembe 410 hivi za namba 8, lakini chembe 135 tu za namba 4. Mwindaji anapochagua namba huwa anagawa uzito uleule kwa njia mbili tofauti: ama chembe nyingi zinazofunika eneo bila kuacha mapengo, ama chembe chache ambazo kila moja ina nguvu ya kupenya manyoya, nyama na mfupa.

Kwa kware uamuzi ni mwepesi. Kware wa kusini mwa Marekani ana uzito wa gramu 170 hivi, mifupa yake ni myembamba, na huruka ghafla karibu na miguu ya mwindaji, hivyo mara nyingi hupigwa akiwa ndani ya mita 25. Kinachohitajika ni wingu la chembe lililosambaa mapema na lisilo na mwanya wa ndege mdogo kupenya; namba 8 au namba 7½, wakia moja au pungufu, kwenye mtutu usiobanwa sana mdomoni, hutosha kabisa. Chembe kubwa zingeharibu nyama ambayo tangu mwanzo ni kidogo.

Bata ndipo mambo yanapokuwa mazito, kwa sababu mbili. Kwanza, bata pori mkubwa mwenye kichwa cha kijani hufikia kilo moja na zaidi, ana manyoya mazito yenye mafuta, na hupigwa kwenye umbali wa mita 30 au 35. Pili, kwa muda mrefu jibu la kawaida lilikuwa risasi namba 4, na leo risasi hairuhusiwi kwa ndege wa majini nchini Marekani. Chembe zinazokosa shabaha huzama katika matope ya ziwa, na bata, ambaye humeza changarawe ili zisage chakula katika firigisi yake, huziokota pamoja na changarawe hizo. Firigisi huisaga risasi, asidi ya tumboni huiyeyusha, sumu huingia katika damu, na ndege hudhoofika hadi kufa. Mtafiti Frank Bellrose alikadiria mwaka 1959 kwamba asilimia 2 hadi 3 ya ndege hao wa Amerika Kaskazini walikuwa wakifa kwa njia hiyo kila mwaka. Tai waliokula mizoga nao walidhurika, na kufikia msimu wa 1991 katazo lilikuwa limeenea nchi nzima. Mkataba wa ndege wa maji wahamao kati ya Afrika, Ulaya na Asia, ambao Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama wake, nao unataka matumizi ya risasi kwenye maeneo oevu yakomeshwe.

Badala yake ilikuja chembe ya chuma laini, na hapo namba ileile hubadilika maana. Uzito wa chuma ni kama asilimia 70 tu ya uzito wa risasi yenye ujazo huohuo. Chembe moja ya risasi namba 4 ina gramu 0.21, ya chuma namba 4, yenye kipenyo kilekile, ina gramu 0.15. Ikirushwa kwa mwendo uleule, ya chuma hupoteza kasi haraka na hufika kwa ndege ikiwa dhaifu. Ndiyo maana wawindaji hupanda ngazi mbili: anayetaka kazi iliyofanywa na risasi namba 4 huchukua chuma namba 2, chenye milimita 3.8 na gramu 0.23 hivi kwa chembe. Uzito umerudi, lakini chembe hiyo pana zaidi husukumwa na hewa zaidi, hivyo viwanda huongeza mwendo wa mwanzo ili kufidia. Hata hivyo, mbali sana chuma hakiifikii risasi.

Tuhesabu. Wakia 1⅛ ya chuma namba 2 ina chembe 140 hivi. Mtutu ukiweka asilimia 65 ya chembe hizo ndani ya duara la inchi 30 kwenye umbali unaopigia, utapata chembe 91, na wazoefu wa Marekani huona kwamba bata mkubwa anahitaji takriban 85 hadi 90. Asilimia hiyo haikisiwi: hubandikwa karatasi kubwa, hupigwa, na matundu huhesabiwa. Chuma hakibonyei mtutuni kama risasi, kwa hiyo chembe zake husafiri pamoja, na mbano wa wastani mdomoni hutoa matokeo ambayo risasi ingehitaji mbano mkali. Mbano mkali pamoja na chembe kubwa za chuma unaweza hata kuvimbisha mdomo wa mtutu, na mitutu ya zamani yenye kuta nyembamba haipaswi kupigiwa chuma kamwe.

Bata bukini wa Kanada, mwenye kilo nne au tano, huhitaji chuma BB au BBB. Wakia 1¼ ya BB ina chembe 90 tu, na wingu lake linaonekana hafifu, ila mwili wenyewe ni mkubwa na hupokea chembe za kutosha. Anayempiga kwa namba 4 ya chuma kwa sababu ndizo alizobakiza hutambulika kwa urahisi: manyoya hupeperuka, ndege hutikisika, kisha huendelea kuruka na kufia asikoonekana. Akibahatika kumpata, wakati wa kumnyonyoa atazikuta chembe zimelala chini tu ya ngozi ya kifua, hazikufika kwenye moyo wala mapafu.