"Picha haina damu": jinsi siti skani inavyotenganisha kiharusi cha kuvuja na cha kuziba

Jamaa wa mgonjwa wakiambiwa "picha haina damu", wengi hushusha pumzi: alhamdulillahi, basi si kiharusi. Na mgonjwa mwenyewe yuko palepale kitandani, mkono wa kulia hauinuki, mdomo umekwenda upande, akiulizwa jina lake anatoa sauti isiyoshikika. Picha ni safi, na kiharusi kipo. Mambo haya mawili hayapingani hata kidogo. Anayeelewa kwa nini hayapingani ameelewa kazi hasa ya siti skani katika saa za mwanzo.

Kiharusi ni sehemu ya ubongo kuacha kazi ghafla kwa sababu ya hitilafu ya mshipa wa damu. Hitilafu yenyewe ni ya namna mbili. Kuna mshipa uliozibwa na donge, ubongo ulio mbele ya donge ukakosa damu. Na kuna mshipa uliopasuka, damu ikamwagika ndani ya ubongo na kuubana. Vya kuziba ndivyo vingi zaidi, ingawa kwetu Afrika vya kuvuja vina fungu kubwa kuliko Ulaya, kwa kuwa presha za watu wengi hukaa miaka bila matibabu.

Ukimtazama mgonjwa kwa macho huwezi kuapa ni kipi. Kichwa kuuma vibaya, kutapika na kuzimia mapema huwapata zaidi waliovuja, lakini wapo waliovuja wakabaki wanazungumza, na wapo walioziba wakaanguka wamezimia. Hata daktari mzoefu hathubutu kutibu kwa kukisia, maana tiba za viharusi hivi viwili zinakwenda kinyume. Aliyeziba anahitaji dawa ya kuyeyusha donge. Dawa hiyohiyo akipewa aliyevuja, inamwongezea damu inayomwagika kichwani. Presha nayo ni vivyo hivyo. Aliyevuja hushushwa mpaka namba ya juu ifike karibu na 140. Aliyeziba, presha yake iliyopanda ndiyo inayosukuma damu kupitia vijishipa vya pembeni kwenda kwenye ubongo wenye njaa, kwa hiyo kwa kawaida huachwa ilivyo mpaka ivuke 220 kwa 120. Akiwa atapewa dawa ya kuyeyusha, sharti iwe chini ya 185 kwa 110. Ndiyo maana nasisitiza: kidonge cha aspirini kinachotolewa nyumbani "kulainisha damu" kisitolewe kabla ya picha. Kwa aliyeziba kina nafasi yake baadaye. Kwa aliyevuja kinazidisha balaa.

Sasa mashine inaonaje? Siti skani ni eksirei inayozunguka kichwa na kukipiga kutoka pande nyingi, kisha kompyuta inakokotoa kila nukta ya ndani imezuia miale kiasi gani. Mgonjwa wa kwanza alipigwa London mwaka 1971 kwa mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield, na vipimo vyake mpaka leo vinaitwa kwa jina lake. Maji yamepewa sifuri. Hewa ni hasi 1,000, nayo huonekana nyeusi tititi. Mfupa hupanda mamia mpaka 1,000 na kuwa mweupe kabisa. Ubongo uko katikati, kati ya 25 na 40 hivi, rangi ya kijivu.

Damu iliyotoka kwenye mshipa na kuganda hufika 50 mpaka 80. Inapoganda, maji yake yanajitenga na chembe nyekundu zinabaki zimesongamana, zimejaa himoglobini, na protini hiyo ndiyo inayozuia miale. Kwa hiyo damu mbichi huonekana nyeupe juu ya ubongo wa kijivu, na huonekana tangu dakika za mwanzo. Mpiga picha anaiona kwenye skrini hata kabla ya kumteremsha mgonjwa mezani. Picha ya kichwa isiyo na dawa ya mshipani huchukua dakika chache tu. Kinachokula muda ni njia ya kuifikia mashine.

Kuziba hakuonekani hivyo. Ubongo ulionyimwa damu haubadiliki rangi saa ileile. Seli zake zikishindwa kusukuma chumvi nje huanza kuvimba, na sehemu hiyo inaongezeka maji kidogo kidogo. Maji yakiongezeka kwa asilimia moja, kipimo hushuka kwa namba mbili au zaidi kidogo tu, tofauti ambayo jicho haliishiki. Ni kama ukuta wa matumbawe wa nyumba ya Lamu unaonyonya mvua: umeshaloa ndani muda mrefu kabla doa halijatokea nje. Doa jeusi la kiharusi cha kuziba huonekana wazi baada ya saa nyingi, mara nyingi siku ya pili. Jicho lililozoea hukuta dalili ndogo mapema: mpaka kati ya tabaka la kijivu na tabaka jeupe la ubongo umefifia, au mshipa mmoja mkubwa unang'aa kuliko mwenzake wa upande wa pili, maana donge lenyewe limo humo. Lakini picha ya saa ya kwanza mara nyingi haionyeshi kitu. Skani ya sumaku huweza kuonyesha kuziba ndani ya dakika chache, ila hupatikana kwa nadra zaidi, na upigaji wake ni mrefu.

Kwa hiyo swali linaloulizwa siti skani katika saa hizo ni moja tu: kuna damu? Jibu likiwa hapana, na mgonjwa amepooza ghafla upande mmoja, na sukari imepimwa haikushuka (sukari iliyoshuka sana huiga kiharusi kikamilifu, nayo hupimwa kwa tone la kidoleni), basi tiba ya kuziba imefunguliwa mlango. "Picha haina damu" ni ruhusa ya kuharakisha.

Tuuchukue mfano wa kufikiria, wa mzee wa Langoni, Lamu, mwenye kilo 70. Ametoka msikitini alfajiri, amekaa barazani na wenzake kwa kahawa. Saa kumi na moja na dakika ishirini anazungumza vizuri. Ghafla kikombe kinamponyoka, na maneno yanakuwa mazito. Saa ya kuhesabu imeanza hapo, kwa kuwa alionekana mzima wakati huo. Lau angekutwa hivyo kitandani, tungehesabu tangu mara ya mwisho alipoonekana mzima, yaani usiku alipolala, na pengine muda ungekuwa umeshapita. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Kwa mzee huyu mlango unafungwa saa tatu na dakika hamsini za asubuhi.

Tuseme mashine ya karibu inayofanya kazi siku hiyo iko Malindi. Kuna kumbeba mpaka gatini, boti mpaka Mokowe, kisha zaidi ya kilomita 200 za lami kupitia Witu na Garsen. Wakianza harakati saa kumi na mbili kasoro robo na gari likiwa linawangoja ng'ambo, huenda wakaondoka Mokowe saa kumi na mbili na robo na kufika saa tatu na nusu. Zimebaki dakika ishirini za picha na uamuzi. Sasa wale wanaosema, "Mwacheni apumzike, mkandeni kwa mafuta, akiamka tutaona." Saa moja na nusu tu ya kumkanda, basi wanafika saa tano. Picha itapigwa, itatoka safi, na dawa haitapewa.

Akifika kwa wakati na picha haina damu, dawa ya kuyeyusha donge iitwayo alteplesi hupimwa miligramu 0.9 kwa kila kilo, isizidi 90 kwa jumla. Kwa kilo 70 ni miligramu 63. Sehemu ya kumi, yaani 6.3, huingizwa mshipani kwa dakika moja, na 56.7 zilizobaki hudondoshwa kwa saa nzima huku presha ikipimwa mara kwa mara. Tenekteplesi, ndugu yake mpya, hupigwa mara moja tu. Dawa hizi ni ghali na hazipo kila hospitali. Kwa hiyo simu ya kwanza kutoka boti iulize mambo matatu: mashine inafanya kazi leo? Mtaalamu yupo? Dawa ipo? Kama jibu ni hapana, ni bora kulijua ukiwa Mokowe kuliko kulijua mlangoni.

Hata ndani ya saa nne na nusu, kuwahi na kuchelewa si sawa. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2006 ilikadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza takriban seli milioni 1.9 kila dakika. Katikati ya eneo lililozibwa pamekufa mapema, lakini pembezoni pana ubongo uliozimika kazi bila kufa, unaoishi kwa damu kidogo ya vijishipa vya jirani. Huo ndio unaookolewa, na kadiri dakika zinavyokwenda unazidi kuliwa. Mgonjwa yuleyule, dawa ileile: akiipata saa ya pili ana matumaini makubwa ya kurudi kutembea kuliko akiipata saa ya nne.

Picha ikionyesha weupe, haraka haiishi. Damu iliyovuja mara nyingi huendelea kutanuka katika saa za mwanzo, na ukubwa wake ndio unaoamua mengi. Presha inashushwa hapohapo. Kama mgonjwa hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda, jamaa waitaje bila kungojea kuulizwa, kwa sababu kuna tiba ya kuigeuza. Daktari wa upasuaji wa ubongo hupigiwa simu aitazame picha, ingawa si kila aliyevuja hufanyiwa upasuaji.

Weupe wenyewe nao una mitego. Wazee wengi wana chokaa iliyojikusanya ndani ya ubongo, nayo hung'aa. Mpiga picha huweka alama juu yake na kusoma namba: ikivuka 100, kwa kawaida hiyo si damu. Kwa upande mwingine, mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kuvuja na damu yake isiwe nyeupe inavyotarajiwa, kwa kuwa himoglobini ni chache. Anayesoma picha anapaswa kuambiwa.

Mtego mkubwa zaidi ni kuchelewa. Weupe wa damu hufifia siku hadi siku. Baada ya wiki moja mpaka tatu hivi unalingana na ubongo, kisha unakuwa mweusi, sawa na doa la kiharusi cha kuziba. Mgonjwa anayeletwa baada ya mwezi wa kukandwa nyumbani, picha yake inaweza kuonyesha kovu jeusi ambalo siti skani haiwezi tena kusema kama lilitokana na kuvuja au kuziba, na daktari anabaki kuamua kuhusu aspirini bila jibu ambalo siku ya kwanza lingepatikana kwa dakika chache.