Kuchanganya Lugha Darasani: Kitenzi Kinasaidia, Nomino Inaponza

Wiki hii nimeambiwa tena kwamba mtu anayechanganya lugha mbili katika sentensi moja hajui hata mojawapo, na kwamba mwalimu anayefanya hivyo anawaharibu wanafunzi wake. Ninafundisha Kiswahili kwa watu wazima wanaojua Kiingereza, na imani hii imenichosha, kwa sababu inatuzuia kuuliza swali lenye manufaa: ni neno la aina gani lililobadilishwa?

Kwamba kuchanganya kuna sarufi yake ni jambo lisilostahili ubishi mrefu. Mwaka 1993 mwanaisimu Carol Myers-Scotton, aliyetumia sana mazungumzo ya Kiswahili na Kiingereza kutoka Nairobi, alieleza kwamba lugha moja hutoa fremu, yaani viambishi na mpangilio, na nyingine hupachika maneno yake humo. Ndiyo maana watu husema "wamekopi", na hakuna anayekiacha Kiswahili katikati ya viambishi ili akopi kwa njeo ya Kiingereza. Asiyejua lugha hawezi kuushika mpaka huo.

Kwa mwanafunzi anayeanza, fremu hiyo ni msaada mkubwa upande wa kitenzi. Nikisema "Wanafunzi wamekopi sentensi", hahangaiki na maana ya mzizi, kwa hiyo sikio lake linabaki huru kusikia "wa" na "me". Tunageuza hapo hapo: nimekopi, tulikopi, watakopi. Akishazoea viambishi, ninauondoa mzizi wa kigeni na kuweka "andika" au "soma", naye anakuta mlango umeshafunguliwa.

Hata hivyo, msaada huo unakoma kwenye ukanushi wa wakati uliopo. "Ninakopi" hukanushwa kuwa "sikopi", na irabu ya mwisho haibadiliki kwa kuwa tayari ni "i". Mwanafunzi aliyezoea mizizi ya namna hiyo atakwambia "sisoma", kwa sababu hajawahi kuona "a" ikigeuka kuwa "i" kama ilivyo katika "sisomi". Hajadanganywa, maana hata "jibu" na "fikiri" hazibadiliki, lakini amepewa desturi ya vitenzi vichache akaichukua kuwa kanuni ya vyote. Kwa hiyo ukanushi huo ninaufundisha kwa vitenzi vya Kibantu peke yake.

Sasa tuje kwenye nomino, ambako walimu wengi wanaotetea kuchanganya hawaangalii kabisa. Ngeli ya Kiswahili haikai pembeni ya neno. Imo ndani yake na inatawala kila kinacholifuata. Tazama "Viti vyangu viwili vimevunjika": "vi" ya nomino inaitikiwa mara tatu. Ukichanganya, utasikia "Chea zangu mbili zimevunjika", kwa sababu nomino ngeni mara nyingi huangukia ngeli ya "i" na "zi". Neno likishakaa sana hupata makao mengine, kama kipilefti na vipilefti, lakini la kuchanganywa papo kwa papo halina muda huo. Sentensi ya pili ni sahihi kwa masharti yake, lakini imefuta dalili tatu ambazo mwanafunzi alizihitaji ili kujifunza neno "viti".

Mwanafunzi wangu mmoja aliniandikia sentensi tatu katika zoezi moja: "Viti zimevunjika", "Vitabu zimepotea", "Madirisha zimefungwa". Nilimwomba azirudie katika umoja, akasema bila kusita "Kiti kimevunjika". Hapo nilijua kwamba ngeli hajaisahau. Alichofanya ni kuichukua "zi" kuwa alama ya wingi kwa kila kitu. Kipimo hicho cha umoja ninakitumia hadi leo, kwa kuwa anayekosea umoja na wingi pamoja ana tatizo jingine, nalo linahitaji kufundishwa tangu mwanzo.

Je, kosa hilo lilitokana na sentensi zangu za mchanganyiko? Ni lazima nikiri kwamba siwezi kuzibebesha sentensi hizo mzigo wote. Wapo wazungumzaji hodari wanaosema "viti zimevunjika" katika maongezi ya kawaida, na huenda alilisikia kwao. Nilipoacha kuchanganya nomino darasani kosa lilipungua, lakini halikuisha.

Siku hizi nomino ngeni ninaitoa nje ya sentensi. Ninasema "Viti vimevunjika", ninanyamaza kidogo, ninataja "chea" peke yake bila kiambishi chochote, kisha ninairudia sentensi yote kwa Kiswahili. Maana imefika, na mwanafunzi amesikia "vi" ikiitikiwa na "vi" mara mbili, bila "zi" kuingia katikati.