Kujaza akaunti kabla ya kuomba mkopo wa nyumba

"Nina duka, sina salari slipu, nikope kwa shemeji nijaze akaunti ili benki waone nina kipato?"

Hapana aisee, afisa mikopo hashangai salio la leo, anafungua stetimenti ya miezi 6 au 12 anatafuta hela inayoingia kila mwezi, halafu anailinganisha na leseni na makadirio ya kodi ya TRA. Tuseme mauzo ni milioni 3 kwa mwezi, akitoa gharama za mzigo na za kuendesha duka inabaki laki 9, hiyo ndo kipato chako. Ghafla inaingia milioni 15, ataitoa kwenye hesabu na kukuuliza imetoka wapi, ukisema shemeji basi ushajiongezea deni. We anza sasa kupeleka mauzo ya kila jioni benki, hata laki moja.