Simtanki limefurika saa nane usiku, gesti moja, klemu tatu

Wiki iliyopita kuna jamaa alinipigia anataka "bima ya gesti", nikamuuliza bima ya nini hasa ndani ya gesti, akacheka akasema si bima tu kaka, ya gesti nzima. Sikumlaumu maana hata mawakala wetu wanaiuza hivyo hivyo, pakeji moja, karatasi moja, unalipa unasepa. Kumbe ndani ya ile karatasi kuna bima tatu, ya jengo, ya mali za wageni na ya dhima kwa watu wengine, zinazoishi nyumba moja na kila moja ina sheria zake, na siku ya tukio ndo unagundua haziongei lugha moja. Mimi ni broka hapa Dar, nimeshaandika pakeji nyingi za hizi gesti za Sinza, Manzese na Kariakoo, so leo nawaelezea kwa tukio moja tu la mteja wangu, maana lilizigusa zote tatu usiku mmoja.

Mteja ni mama mmoja mtu mzima, ana gesti ya vyumba 14 Sinza, ghorofa moja juu, masimtanki mawili juu ya slabu. Mnajua maji ya mjini yalivyo, yakija usiku lazima uyavute na pampu ujaze matanki. Kijana wa zamu akawasha pampu akaenda kulala kwa kutegemea boya litafunga tanki likijaa. Boya likagoma. Bomba la kumwagia maji ya ziada nalo lilikuwa limeziba, so maji yakatafuta njia yake mwenyewe, yakashuka kwenye dari ya jipsam, yakaingia kwenye waya, yakateremka ngazi mpaka mapokezi na stoo ya chini ya ngazi. Mama ananipigia saa kumi na mbili asubuhi, hata shikamoo yangu hakuisikia, anasema mwanangu nyumba imekuwa mto Msimbazi.

Tuanze na jengo. Bima ya jengo kwa asili yake ni bima ya moto, radi na baadhi ya milipuko, hayo mengine kama mafuriko, dhoruba, fujo, maji kufurika au kupasuka kwa bomba na tanki ni vipengele vinavyoongezwa, na lazima uvione vimeandikwa kwenye polisi yako (ya bima, sio wale wa Oysterbay). Yeye kipengele cha tanki kufurika alikuwa nacho, nilimlazimisha mimi. Hapo watu wanachanganya sana, mafuriko ni maji ya mvua au mto yanayotoka nje kuja ndani, tanki lako kufurika ni kitu kingine kabisa, unaweza kuwa na kimoja ukakosa kingine.

Kampuni ikamtuma adjasta, yaani yule mtu anayekuja kupima hasara. Swali lake la kwanza halikuwa shilingi ngapi, lilikuwa hivi: haya maji yameanza lini? Akapanda juu, akagusa dari, akatafuta zile alama za njano zenye duara ndani ya duara, akachungulia kama kuna ukungu mweusi kwenye kona. Anatafuta nini? Uvujaji wa pole pole. Bima inalipa kitu cha ghafla, haikulipi dari iliyokuwa inanyonya maji miezi minane na wewe unapaka rangi juu yake. Bahati nzuri jipsam ilikuwa imekatika mbichi, ndani nyeupe, hakuna ukungu, akaridhika. Boya lenyewe hakulilipa, hilo limekufa kwa uchakavu, unanunua mwenyewe, na ni hela ndogo.

Hasara ya jengo, dari, rangi, waya na milango iliyovimba, ikakubalika milioni 16. Mama akashangilia. Mimi nilikuwa kimya kwasababu nilishajua kinachofuata.

Jengo alilikatia bima ya milioni 250. Alitoa wapi hiyo namba? Ndo ilikuwa gharama yake ya kujenga miaka hiyo, na kila mwaka nikimwambia mama tupandishe ananiambia mwaka kesho mwanangu biashara ngumu. Adjasta akapiga mahesabu ya kulijenga upya leo, na saruji ya leo, nondo za leo, fundi wa leo, mpaka gharama za kubomoa na kuzoa kifusi, ikaja milioni 400. Kiwanja hakimo humo, kiwanja hakiungui wala hakiloi, so wale mnaokata bima kwa bei ya kuuzia nyumba Sinza mnalipia udongo bure.

Sasa kwenye polisi kuna kanuni ya uwiano. Kama umekatia bima sehemu tu ya thamani, kampuni inakuchukulia kwamba sehemu iliyobaki umejikatia bima mwenyewe, na kila hasara mnagawana kwa huo uwiano hata kama hasara ni ndogo kuliko kiwango ulichokata. Watu wengi hapa ndo wanapigana na sisi, wanasema mimi nimekata 250, hasara 16, si iko ndani? Hapana. Yeye alikuwa na 250 kati ya 400, so milioni 16 inazidishwa kwa 250 inagawanywa kwa 400, inabaki milioni 10. Halafu kuna ekses, kile kipande unachobeba mwenyewe kila klemu, yake ilikuwa asilimia 10, inatoka milioni 1. Akapokea milioni 9.

Angekata milioni 400 kamili angepokea milioni 14 na laki nne. Na angelipa zaidi kiasi gani kwa mwaka? Kwa bei yake ya asilimia 0.2, hizo milioni 150 alizoziacha ni premiamu ya laki tatu, weka VAT ya 18% inakuwa 354,000. Amekosa milioni 5 na laki nne. Nilimwonyesha hayo mahesabu kwenye karatasi, akaniangalia tu.

Haya, mizigo ya wageni. Hapa ndo penye utamu, na ndo penye uongo mwingi mtaani.

Chumba namba 9 alikuwepo mfanyabiashara kutoka Mbeya, kaja Kariakoo kufunga mzigo. Begi lake na nguo zake zililowa chumbani, simu iliyokuwa kwenye chaji sakafuni ikafa. Stoo ya chini ya ngazi alikuwa ameacha marobota mawili ya nguo za dukani, kama milioni 3 na laki nane, mapokezi walimpokelea na kumwandikia kwenye daftari, huduma ya kawaida kabisa kwa gesti zinazopokea watu wa Kariakoo.

Vitu vya chumbani viliingia kwenye kipengele cha mali za wageni. Hicho kina kikomo kwa kila mgeni na kikomo kwa tukio zima, yeye alikuwa na laki tano kwa mgeni na milioni 5 kwa tukio. Jamaa alidai laki saba, akapata laki tano. Ingekuwa ni wizi mambo yangekuwa magumu zaidi, maana kwa wizi polisi nyingi zinataka dalili ya kuvunja, kitasa kimeng'olewa, dirisha limekatwa, na kama mlango ulifunguliwa kwa funguo ya akiba ya mapokezi basi jiandae na maswali. Hela taslimu kwenye polisi nyingi hazimo kabisa.

Marobota? Kipengele cha mali za wageni kinasema vitu binafsi vya mgeni, bidhaa za biashara zimetolewa. Mama akasema basi ile bima ya dhima italipa, ile pablik layabiliti inayomlipa mtu wa nje aliyeumia au kuharibikiwa kwa uzembe wako, si uzembe ni wetu? Wazo zuri, hata mimi ningetamani. Lakini bima ya dhima ina mstari unaotoa mali ya mtu mwingine iliyo chini ya uangalizi wako, na pale mapokezi walipoandika kwenye daftari "marobota 2, stoo" wakathibitisha kwa mkono wao kwamba iko chini ya uangalizi wao. Yaani wema wao ndo ulioitoa kwenye bima. Zile milioni 3 na laki nane zimebaki kati ya mama na mgeni wake, na yule mgeni hakuwa na sababu yoyote ya kukubali hasara. Walimalizana kwa awamu.

Na kile kibao cha "uongozi hautahusika na upotevu wa mali ya mgeni" kilikuwepo ukutani, kimelowa nacho. Jamaa wa Mbeya hakukisoma hata mara moja. Kibao sio bima, na wala hakimzuii mtu kukudai kwa uzembe wako.

Klemu ya tatu ndo iliyoninyima usingizi. Asubuhi ile kabla watu hawajadeki, dereva bodaboda alikuja kumchukua mgeni wa chumba 4, akapanda ngazi za tailizi zimejaa maji, hakuna kibao wala kamba, akateleza akavunjika mkono. Huyu sio mgeni wa gesti, hajalipa chumba, lakini ni mtu aliyeingia kihalali eneo lako na bima ya dhima inamhusu. Dada wa usafi naye aliteleza, ila yeye ni mfanyakazi, anaenda WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, humu hayumo.

Mama kwa huruma na uoga akampa yule kijana laki nne, halafu akamwandikia karatasi: nakubali kosa ni letu, nitalipa gharama zote. Akasaini! Akapiga na muhuri. Nilipoiona hiyo karatasi niliketi chini. Polisi inasema usikiri kosa wala kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, maana ukishakiri umewafungia mlango wa kujitetea kwa hela yao. Kumpeleka mtu hospitali sio shida, mpeleke haraka, piga picha za ngazi, chukua majina ya walioona, nipigie. Kalamu ndo uiache mfukoni.

Kampuni wakaandika barua kwamba wanahifadhi haki yao ya kukataa. Tukabishana wiki tatu. Hoja yangu ilikuwa moja, ngazi zina maji, hakuna onyo, pampu iliachwa bila mtu, hata bila ile karatasi hili kosa lingethibitika, so karatasi haijawaongezea hasara yoyote. Mwisho wakalipa bili za hospitali na kipato cha wiki nane alichokosa kwenye pikipiki, jumla milioni 1 na laki tisa. Zile laki nne za mama hawakumrudishia. Wangegoma, njia iliyokuwa imebaki ni kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na faili nilishaanza kuliandaa.

Mwaka huu amekata milioni 400. Kikomo cha mgeni tumekipandisha mpaka milioni 1. Marobota nimeuliza kampuni mbili kama wataongeza kipengele cha mizigo inayohifadhiwa stoo, moja imekataa, nyingine imekubali kwa masharti ya milioni 5 tu, mizigo iwe juu ya chaga inchi sita kutoka sakafuni, na daftari lionyeshe thamani aliyotaja mgeni. Mama ameshaweka chaga. Boya jipya nalo kanitumia picha yake WhatsApp, ya kutoka juu ya slabu, amepanda mwenyewe.